Kocha Korogwe, Mkuu wa Mkoa Handeni

Korogwe na Handeni zimeunganishwa na barabara ya lami ya kilomita 65, na mtu anayealikwa kuzungumza katika mji mmoja mara nyingi hualikwa na katika ule mwingine. Mkanganyiko huanzia hapo. Jumanne, kwenye kongamano la michezo Korogwe, mshereheshaji anamtambulisha mgeni kuwa ni kocha. Ijumaa, kwenye mjadala wa ardhi Handeni, mgeni yuleyule anatambulishwa kuwa mkuu wa mkoa mstaafu, na ukocha unatajwa mwishoni kama kionjo. Matangazo yote mawili yanakutana kwenye kundi moja la Watsapu na maswali yanaanza. Huyu ni nani hasa? Wapo wanaosema amedanganya mahali pamoja. Wapo wanaosema waandaaji wamefanya kazi kwa haraka. Na wapo, wengi wao waandaaji wenyewe, wasioona tatizo lolote, kwa sababu kila neno kwenye matangazo yale ni la kweli.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayohitaji kupekuliwa. Ni kweli kwamba wasifu mfupi wa mwanajopo unaweza kupangwa upya kila mada inapobadilika bila kuongeza wala kupunguza jambo. Lakini kupanga upya si kazi isiyo na athari. Mpangilio wenyewe unasema kitu, na wakati mwingine unasema kitu ambacho hakuna sentensi hata moja ya wasifu iliyokisema.

Mfano wa kufanyia kazi

Tuchukue mtu ambaye maisha yake yako kwenye kumbukumbu za umma. Marehemu Joel Nkaya Bendera aliiongoza Taifa Stars kama kocha kufuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 1980. Tiketi ilipatikana Ndola mwaka 1979 kwa sare ya bao 1-1 na Zambia, bao letu likifungwa na Peter Tino. Miaka 39 ilipita kabla Tanzania haijarudi kwenye fainali hizo, mwaka 2019. Kati ya 2005 na 2010 Bendera alikuwa Mbunge wa Korogwe Mjini, na akiwa bungeni alikuwa pia Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni na Michezo. Mwaka 2011 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, mwaka 2014 akahamishiwa Manyara, na Oktoba 2017 akastaafu. Alifariki Desemba mwaka huohuo.

Ni mfano mzuri kwa sababu una mikondo mitatu isiyofanana: soka, siasa na utawala. Yote mitatu ni mikubwa ndani ya mtu mmoja, na wowote kati yake ungeweza kutangulia. Kwa ajili ya zoezi hili tujifanye tuko Novemba 2017, mwezi mmoja baada ya kustaafu kwake, na waandaaji wawili wamempigia simu. Mmoja yuko Korogwe na mada yake ni soka la vijana. Mwingine yuko Handeni na mada yake ni wakulima na wafugaji. Mikutano hiyo ni ya kubuni. Vyeo na miaka si ya kubuni.

Kwa nini mstari wa kwanza hubeba mzigo

Mwaka 1946 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwasomea watu orodha ya sifa za mtu wasiyemjua. Kundi moja lilisomewa kwamba mtu huyo ni mwerevu, mchapakazi, mwenye pupa, mkosoaji, mkaidi na mwenye wivu. Kundi la pili lilisomewa sifa zilezile sita kuanzia mwisho, yaani wivu ukatangulia na werevu ukafunga. Kundi la kwanza lilimwona mtu mwenye uwezo ambaye ana kasoro zake. Kundi la pili lilimwona mtu ambaye kasoro zake zinauzuia uwezo wake usionekane. Maneno hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni lipi lilisikika kwanza, kwa sababu lililotangulia ndilo lililotumika kuyafasiri yaliyofuata.

Wasifu unaosomwa ukumbini hufanya kazi kwa namna hiyohiyo, na una udhaifu zaidi ya orodha ya Asch, maana ukumbini watu hawasikilizi sawasawa. Mshereheshaji anayesoma kwa utulivu hutumia dakika nzima, au karibu yake, kwa maneno 100. Ndani ya dakika hiyo kuna mtu anatafuta kiti, kuna chupa za maji zinagawiwa, na kipaza sauti kinakoroma. Kinachosalia kichwani mwa wengi ni jina na kitu kimoja. Kwenye tangazo la simu hali ni kali zaidi, kwa kuwa chini ya picha ya mwanajopo hakuna nafasi ya zaidi ya mstari mmoja. Mbunifu wa tangazo huchukua mstari wa kwanza wa wasifu na kuacha mingine. Kwa hiyo anayechagua kitangulie nini hachagui tu mwanzo wa wasifu. Kwa wasikilizaji wengi anachagua wasifu mzima.

Hapo ndipo kambi tatu zinapogawanyika.

Cheo kwanza

Kambi ya kwanza inashika itifaki. Inasema cheo kikubwa kuliko vyote kitangulie, mada iwe yoyote. Kwa kambi hii, Bendera angetambulishwa kuwa mkuu wa mkoa mstaafu Korogwe, Handeni na kwingineko, na wasifu ungekuwa mmoja tu.

Utaratibu huu si wa kubezwa. Hauna ubishi, kwa sababu ngazi za vyeo serikalini zinajulikana. Humwondolea mwandaaji mdogo lawama, hasa kijana wa ofisi aliyepewa kazi ya kuandika ratiba usiku wa kuamkia shughuli. Na unalinda heshima. Mzee aliyeongoza mikoa miwili akisikia anaitwa kocha kwanza anaweza kuona ameshushwa, na hata asiposema, wenzake waliokaa mstari wa mbele watamsemea.

Udhaifu wake ni kwamba hausaidii kikao. Vijana wa Korogwe wanaotaka kujua jinsi kikosi kilichofuzu fainali za 1980 kilivyoandaliwa watamwona mtawala, na maswali yatakayokuja yatakuwa ya mtawala: uwanja utajengwa lini, halmashauri itatoa kiasi gani. Mtu pekee mezani anayeweza kueleza mazoezi ya timu iliyofuzu ataulizwa kuhusu bajeti.

Nadhani kambi hii inachanganya kazi mbili. Shughuli za kwetu tayari zina mahali pa vyeo. Mwanzoni mgeni rasmi hutajwa, viongozi wa wilaya na wa chama hutajwa kwa ngazi zao, halafu msemaji husema itifaki imezingatiwa. Cheo kimepata haki yake hapo. Wasifu wa mwanajopo huja baadaye, jopo linapokaa, na swali lake ni jingine: huyu amekaa kwenye kiti hiki kwa nini? Kinachohitajika ili kulinda heshima pale ni neno moja mbele ya jina. "Mheshimiwa Joel Bendera ndiye kocha aliyeiongoza Taifa Stars kufuzu..." Uheshimiwa umetangulia na ukocha umefuata bila kumvunjia mtu hadhi.

Miaka kwa mpangilio

Kambi ya pili inataka mambo yafuatane yalivyotokea, kuanzia la zamani hadi la karibuni au kinyume chake. Hoja yao ni uadilifu: kalenda haina upendeleo, na asiyegusa mpangilio hawezi kushutumiwa kwa kupamba.

Kwa wasifu mrefu wa kuombea kazi wana haki. Kwa wasifu wa dakika moja, kalenda huchagua pia, ila huchagua bila kufikiri. Ukianza na la zamani, Bendera ni kocha kila mahali, hata Handeni ambako watu wamekuja kuzungumzia ng'ombe na mashamba ya mahindi. Ukianza na la karibuni, yeye ni Mkuu wa Mkoa wa Manyara kila mahali. Upofu huo si sawa na haki. Kitu cha kuchukua kutoka kambi hii ni miaka yenyewe. Mpangilio wa kalenda unaweza kuachwa, tarehe zisiachwe.

Mada kwanza

Kambi ya tatu ndiyo inayosababisha zogo. Inasema uzoefu unaohusiana na mada ya siku utangulie na mengine yafuate nyuma yake. Kwa Bendera, toleo la Korogwe lingesomeka hivi:

"Mheshimiwa Joel Bendera ndiye kocha aliyeiongoza Taifa Stars kufuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 1980. Kati ya 2005 na 2010 alikuwa Mbunge wa Korogwe Mjini, na katika kipindi hicho alikuwa pia Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni na Michezo. Kuanzia 2011 hadi 2017 alikuwa Mkuu wa Mkoa, kwanza Morogoro, kisha Manyara."

Na la Handeni:

"Mheshimiwa Joel Bendera alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro kuanzia 2011 hadi 2014, na wa Manyara kuanzia 2014 hadi 2017, mikoa miwili yenye migogoro ya muda mrefu kati ya wakulima na wafugaji. Kati ya 2005 na 2010 alikuwa Mbunge wa Korogwe Mjini na, katika kipindi hicho, Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni na Michezo. Ndiye pia kocha aliyeiongoza Taifa Stars kufuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 1980."

Ukiyaweka matoleo haya mawili ubavu kwa ubavu utaona vyeo ni vilevile, vipindi ni vilevile, na hakuna kilichodondoka njiani. Kilichoongezwa Handeni ni mwaka wa uhamisho, 2014, na kishazi kimoja kinachoeleza kwa nini Morogoro na Manyara zinahusu mada, na kishazi hicho kina msingi: anayefuatilia habari za Kilosa, Mvomero na Kiteto hahitaji kuelezwa. Faida yake ni kwamba msikilizaji anapewa mlango wa kuingilia. Wa Handeni atauliza mipaka ya vijiji iliamuliwaje kule Morogoro. Wa Korogwe atauliza wachezaji walikaa kambini muda gani.

Udhaifu wa kambi hii unatokana na wepesi wake. Ikiwa kila mada inaweza kupata mstari wake wa kwanza, basi mtu yeyote anaweza kufanywa mtaalamu wa chochote. Aliyehudhuria semina ya siku tatu kuhusu ardhi anaweza kuiweka juu kabisa, na hatakuwa amesema uongo. Hapa mpangilio unazungumza peke yake: msikilizaji huchukulia kwamba kilichotangulia ndicho kikubwa, kwa hiyo kukitanguliza kidogo ni kukikuza. Kipimo ninachokiona kinafaa ni cha vitendo. Uzoefu unaotangulia uwe ule ambao mtu huyo alifanya maamuzi ndani yake, si ule aliokuwepo tu yalipofanyika, na uwe ule anaoweza kuulizwa maswali matatu mfululizo bila kukimbilia mada nyingine.

Sentensi zinapohamishwa

Makosa mengi yanayozua shutuma za uongo hayatokani na nia mbaya. Yanatokana na kunakili na kubandika. Mwandaaji anachukua wasifu ulioandikwa kwa mpangilio wa kalenda, anaipandisha juu sentensi ya tatu, na kuziacha nyingine zilivyo. Tazama kinachotokea. Wasifu wa awali ulikuwa hivi: "Alikuwa kocha wa Taifa Stars. Kisha akawa Mbunge wa Korogwe Mjini. Baadaye aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa." Mwandaaji wa Handeni anapandisha ya mwisho: "Aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa. Alikuwa kocha wa Taifa Stars. Kisha akawa Mbunge wa Korogwe Mjini." Amejitahidi hata kufuta neno "baadaye" lililokuwa linaning'inia. Lakini "kisha" limebaki, na sasa linaapa kwamba mtu huyu alitoka ukuu wa mkoa akaenda kufundisha mpira, na ubunge ukaja mwisho. Mtu wa Korogwe anayejua historia ya jimbo lake atasema wasifu huu ni wa uongo, na atakuwa sahihi, ingawa hakuna aliyekusudia kudanganya.

Dawa yake ni kuandika tangu mwanzo wasifu mmoja mkubwa ambao kila sentensi yake inasimama kwa miguu yake. Kila sentensi ibebe mwaka wake, mahali pake na hali yake. Maneno kama "baadaye", "kisha", "kabla ya hapo" na "hatimaye" yasitumike kuunganisha sentensi moja na nyingine. Yanaruhusiwa ndani ya sentensi moja, kama "kwanza Morogoro, kisha Manyara", kwa sababu sentensi hiyo ikihama inahama nayo yote. Wasifu wa namna hiyo unaweza kuanza popote bila kuvuruga kalenda.

Neno jingine la kuangaliwa ni "amewahi", pamoja na ndugu yake "aliyewahi kuwa". Ni neno la adabu na linapendwa na washereheshaji, ila linaficha mwaka. "Amewahi kuwa kocha wa Taifa Stars" haimwambii kijana wa Korogwe kama ni juzi au ni miaka 37 iliyopita, na soka la miaka 37 iliyopita si la leo. Jambo la zamani kutangulia si kosa. Kosa ni kutangulia bila tarehe yake. Msikilizaji akisikia 1980 atafanya hesabu mwenyewe na kuamua uzoefu huo una uzito gani kwake.

Mtego wa tatu ni kukata. Tuseme mwandaaji wa tatu anatokea, mada yake ni ngoma na lugha ya Kizigua, na anataka unaibu waziri utangulie. Jina la wizara ni refu, yaani Habari, Utamaduni na Michezo, na tangazo ni dogo. Kishawishi ni kuandika "aliyekuwa Naibu Waziri wa Utamaduni". Cheo hicho hakikuwepo. Mwingine atadondosha "Naibu" ili mstari utoshe, na hapo mtu amepandishwa cheo na mbunifu wa matangazo. Sehemu ya jina la cheo haihamishwi wala haikatwi; kinachohamishwa ni sentensi nzima.

Soka nalo lina mtego wake. Kufuzu ni jambo moja na fainali ni jingine. Kwenye fainali zenyewe nchini Nigeria, Machi 1980, ambako Stars ilifungwa na wenyeji 3-1, ikafungwa na Misri 2-1 na kutoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, kocha anayetajwa kwenye kumbukumbu za mashindano ni Slawomir Wolk wa Poland. Kwa hiyo "aliyeiongoza kufuzu" ni kauli iliyopimwa. Ukiifupisha iwe "kocha wa Stars kwenye AFCON 1980" umeokoa maneno machache na kuingia kwenye ubishi ambao wazee wa soka wa Tanga hawatakuachia. Mada kwanza ina hatari hii hasa: kitu kinapopanda juu, kinavutiwa pia kiwe kikubwa kidogo kuliko kilivyokuwa.

Korogwe si Handeni

Wanaojadili jambo hili husahau kwamba matokeo ya Asch yalihusu mtu asiyejulikana. Anapojulikana, mstari wa kwanza unapungua nguvu. Korogwe Mjini, Bendera alikuwa mbunge wao kwa miaka mitano. Hata umtambulishe kuwa kocha, ukumbi una picha yake tayari, na wapo waliompigia kura na wapo ambao hawakumpigia. Huko kazi ya mstari wa kwanza ni kuuhamisha ukumbi kutoka kwenye siasa wanayoikumbuka hadi kwenye soka walilomwitia. Ni kazi ngumu, na mwandaaji ana uhuru mkubwa, kwa sababu akizidisha chumvi ukumbi wenyewe utamrekebisha.

Handeni ni jirani lakini si nyumbani. Wengi wangelijua jina, wachache wangeijua historia. Hapo mstari wa kwanza unachora mtu upya, na hakuna wa kuusahihisha. Uhuru wa kupanga unatakiwa upungue kadiri ukumbi unavyomjua mtu kidogo. Waandaaji hufanya kinyume: nyumbani wanaogopa watu wanaojua, ugenini wanajiachia.

Handeni pia ina uzito wa mada. Wilaya hii ina wakulima wa mahindi na wafugaji, na tangu 2022 kijiji cha Msomera kimepokea familia zilizohama kutoka Ngorongoro. Mjadala wa ardhi pale si wa kupitishia wakati. Anayetanguliza uzoefu wa utawala kwenye mada kama hiyo anawaambia watu wamwamini mtu huyu kuhusu mashamba yao. Kwa hiyo toleo la Handeni lingehitaji kitu ambacho la soka halihitaji: kueleza kwamba mzungumzaji alikuwa upande wa serikali katika migogoro hiyo. "Alikuwa Mkuu wa Mkoa" inalisema hilo waziwazi. "Ana uzoefu wa miaka sita katika usuluhishi wa migogoro ya ardhi" ingelificha, na ndiyo lugha inayopendwa siku hizi. Cheo kikibadilishwa kuwa sifa, msikilizaji hajui tena mtu alikaa kiti gani.

Majina ya mahali nayo yana uzito tofauti katika wilaya hizi mbili. "Mbunge wa Korogwe" haitoshi, kwa kuwa kuna Korogwe Mjini na Korogwe Vijijini, na kila jimbo lina mbunge wake. Upande wa Handeni mpaka wenyewe ulibadilika: Kilindi ilimegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Mwanajopo aliyefanya kazi Songe mwaka 1995 alikuwa wilaya ya Handeni. Leo Songe ni Kilindi. Akitambulishwa Handeni kwa maneno "alifanya kazi miaka kumi hapa Handeni", wenyeji watauliza ni kijiji gani, na jibu litakuwa kijiji cha wilaya nyingine. Uzoefu wa mahali ukitangulia kwenye wasifu, utajwe kwa kata au kijiji, na jina la wilaya lifuate na mwaka wake.

Nani ashike kalamu

Nikizipima kambi tatu, ya mada kwanza inashinda kwa mikutano ya jopo, kwa masharti mawili ambayo kambi nyingine zimetupatia: miaka kutoka kwa watu wa kalenda, na uheshimiwa wa jina kutoka kwa watu wa itifaki. Sharti la tatu ni la maslahi. Jambo linalomfunga mwanajopo na mada, kama umiliki wa shamba linalobishaniwa au mkataba na kampuni inayojadiliwa, lisishushwe mstari wa mwisho kwa kisingizio cha kupanga upya. Likae karibu na mstari wa kwanza katika mkutano ambao linahusika. Likiwekwa mwisho, mbunifu wa tangazo atalikata kwa kukosa nafasi, na itaonekana kama lilifichwa.

Anayeandika toleo jipya anafaa kuwa mwandaaji, kwa sababu yeye ndiye anayeijua mada. Anayelipitisha awe mwanajopo, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa. Simu ya dakika tano inatosha: asomewe mstari wa kwanza na mstari wa tangazo, na aulizwe kama yuko tayari kuusikia mbele ya watu waliomjua kazini. Swali hilo linachuja vizuri kuliko kanuni yoyote. Toleo lililosomwa lihifadhiwe pamoja na tarehe yake, maana ubishi ukizuka wiki mbili baadaye, kila mtu atakuwa anakumbuka neno lake.

Kuna mada moja ambayo kupanga upya hakungesaidia kabisa, nayo iko palepale Korogwe. Mkonge umelimwa mkoani Tanga tangu miaka ya 1890, na Korogwe bado ni nchi ya mkonge. Mwandaaji wa kongamano la mkonge angeweza kumtazama Bendera na kuona mbunge wa mji uliozungukwa na mashamba hayo, kisha akaandika: "Aliyekuwa Mbunge wa Korogwe Mjini, kitovu cha mkonge." Kila neno lingekuwa na utetezi. Lakini ukiipitisha sentensi hiyo kwenye maswali matatu, kuhusu bei ya singa, mitambo ya kusindika na mikataba ya wakulima wadogo, rekodi yake ya umma haina mkonge ndani yake. Ina jimbo lenye mkonge. Barua ya mwaliko ya kongamano hilo iende kwa mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wakulima wa mkonge, au kwa mkata mkonge wa Magoma.